Sofa kabla haijavikwa: kisa cha seti ya watu saba, Dar es Salaam

Familia tunayoichambua hapa inaishi Tabata: baba, mama, watoto watatu wa miaka 12, 9 na 4, na bibi mwenye magoti yanayouma. Sebule yao ina mita nne kwa nne na nusu, dirisha moja linapokea jua la jioni, na mlango wa kuingilia una upana wa sentimita 80. Wametenga shilingi milioni 2 na nusu kwa ajili ya seti ya sofa, na wanataka idumu angalau miaka minane bila kuguswa fremu. Majina hatuyataji, na bei zilizomo ni za kisa hiki tu. Wewe utakapofika sokoni utakuta zako.

Mezani walikuwa na mambo mawili. La kwanza ni seti ya dukani iliyoletwa na kontena: kiti cha watu watatu, cha wawili na cha mmoja, ngozi bandia ya kijivu, shilingi 2,450,000, inaletwa nyumbani siku hiyohiyo. La pili ni karakana moja ya Keko, ambako fundi alitaja shilingi 1,700,000 kwa watatu, wawili, mmoja na mmoja, velveti, wiki tatu. Kwa haraka haraka hesabu inaonekana imekwisha: Keko ina kiti kimoja zaidi na inaacha laki saba na nusu mfukoni. Lakini bei hizo mbili hazikuwa bei za kitu cha aina moja. Katika sofa, karibu kila kinachoamua umri wake kimefichwa chini ya kitambaa, na swali la kwanza kwa kila upande ni hili: nitakionaje kilichofichwa kabla sijalipa?

Tuanze na ya dukani, kwa sababu hiyo ndiyo ngumu kuikagua.

Sofa iliyokwisha kuvikwa ina njia chache za kujieleza. Njia ya kwanza ni kuinua mguu mmoja wa mbele wa kiti cha watu watatu hadi kama sentimita 15 kutoka sakafuni. Fremu iliyokaza huinuka yote kwa pamoja, kwa hiyo mguu wa mbele wa upande wa pili nao utakuwa umekwisha kuachana na sakafu. Ukiona wako uko juu na ule mwingine bado umekanyaga chini, fremu inajipinda, na fremu inayojipinda ikiwa mpya haitakuja kukaza ikizeeka. Ile ya dukani ilijipinda. Haikujipinda sana, lakini mguu wa pili ulichelewa, na upande wa egemeo ukatoa mlio mdogo wa kukwaruzana.

Njia ya pili ni kuigeuza kifudifudi. Chini ya kila sofa kuna kitambaa chepesi cheusi kilichobanwa kwa pini. Omba ruhusa ya kufungua pini nne tu za kona moja na umulike kwa tochi ya simu. Muuzaji anayejua anachouza hakatai, kwa maana pini nne hurudishwa kwa dakika moja. Ndani ya kona ile kulionekana ubavu wa chipbodi, yaani chenga za mbao zilizogandishwa kwa gundi, na vipande vya paina vya unene wa sentimita mbili vilivyobanwa kwenye chipbodi hiyo kwa pini za mashine. Kona haikuwa na kipande cha kuiimarisha. Miguu ilikuwa ya plastiki, kila mmoja umeshikwa na skrubu nne fupi zilizoingia moja kwa moja kwenye chipbodi.

Hapa ndipo tatizo la hewa ya pwani linapoingia. Chipbodi hunyonya unyevu na kuvimba, na ikivimba chenga zake huachiana. Skrubu iliyoingia kwenye mbao halisi hushikwa na nyuzi ndefu za mti, ilhali iliyoingia kwenye chipbodi hushikwa na makombo. Kila mtu anaposogeza kiti kwa kukiburuta badala ya kukinyanyua, mguu unatikisa skrubu zile nne, tundu linapanuka, na siku moja mguu unabaki sakafuni na kipande cha chipbodi kimeng'ang'ania skrubu. Kurekebisha ni taabu, maana tundu jipya litachimbwa pembeni ya makombo yaleyale.

Tuseme wazi kwamba si kila sofa ya kontena iko hivyo. Zipo zenye fremu ya mbao zilizokaushwa kwenye tanuri au ya plaiwudi ya milimita 15 hadi 18, na plaiwudi nzuri ya unene huo ni fremu ya kuheshimika: haipasuki kwa urefu, haijipindi, na inashika skrubu. Utaitambua ukingoni mwake, kwa sababu matabaka yake yanaonekana kama kurasa za kitabu, wakati chipbodi inaonekana kama makombo ya mkate. Tena kiwanda kina mambo ambayo karakana nyingi hazina: mshono ulionyooka, springi zilizopangwa kwa umbali sawa, na viti vya kulala vyenye mitambo yake. Anayetaka kiti cha kujilaza kwa mtambo, aende dukani tu. Lakini seti hii ya milioni 2.45 ilikuwa na plaiwudi sehemu moja, kwenye egemeo, basi.

Njia ya tatu ni mizani. Mito ya kukalia ya seti hii ilikuwa na zipu, ikatoka. Sponji ya mto mmoja ilikuwa na urefu wa sentimita 60, upana wa 55 na unene wa 14. Ukizidisha unapata sentimita za ujazo 46,200, yaani mita za ujazo 0.0462. Ilitundikwa kwenye mizani ndogo ya kupimia mabegi, ikasoma kilo 0.85. Gawa 0.85 kwa 0.0462, unapata kilo 18 na kidogo kwa mita moja ya ujazo. Hiyo ndiyo densiti ya sponji, na ndiyo namba pekee inayokuambia kiti kitakaa muda gani kabla ya kubonyea.

Sponji ya 18 inafaa mkono wa kiti, mahali ambapo mtu anaegemeza kiwiko. Kwenye makalio, kwa familia inayokaa saa nne kila jioni, vijishimo vyake vya hewa vinavunjika mapema. Mwaka wa kwanza haujaisha utaona bonde mahali anapokaa baba. Dukani haionekani, kwa sababu sponji mpya ya densiti yoyote inarudi juu vizuri ukiibonyeza kwa mkono. Watu wengi wanabonyeza, wanaona inarudi, wanaridhika. Kubonyeza kunakuambia ugumu tu, na ugumu si densiti. Kiwanda kinaweza kutengeneza sponji ngumu yenye densiti ndogo, nayo ikakudanganya vizuri kwa miezi michache ya mwanzo.

Sasa twende Keko.

Mazungumzo ya kwanza na fundi yalikwenda kama yanavyokwenda mara nyingi.

"Fundi, fremu unatumia mbao gani?"

"Mbao ngumu, mama. Hii haina shida kabisa, utamwachia mjukuu."

"Ngumu ya mti gani?"

"Tunachanganya."

Jibu la mwisho ndilo la kweli, na si jibu baya. Karibu kila fremu ya karakana ni mchanganyiko, na mchanganyiko wenye akili unapunguza bei bila kupunguza nguvu. Kosa ni kutojua kipi kimekaa wapi. Fundi alipoulizwa kipande kwa kipande, ikawa hivi: miguu inayoonekana ni mninga, boriti za mbele na za pembeni ni mkaratusi, egemeo na mikono ni paina.

Egemeo la paina halina neno. Paina za mashamba ya Sao Hill kule Mafinga ni nyepesi, zinashika pini vizuri, na egemeo halibebi mzigo mkubwa kama ubao wenyewe hauna fundo katikati. Sehemu inayobeba sofa nzima ni boriti ya mbele ya kiti cha watu watatu. Ina urefu wa karibu sentimita 180, watu watatu wanaiegemea kwa mapaja wanapokaa na kuinuka, na watoto wanaikanyaga kupanda. Ikiwa ni ubao wa inchi moja kwa nne utapinda katikati hadi kiti kionekane kinacheka. Inatakiwa mbili kwa nne iliyosimamishwa kwa ukingo, ile inchi nne ikiwa wima, na mguu wa tano katikati. Mti uwe mgumu: mtiki, mkaratusi au mninga. Kuficha mninga wote chini ya kitambaa ni kutupa hela, kwa kuwa unalipia rangi na mchoro ambao hakuna atakayeuona.

Mkaratusi ndio ulioleta wasiwasi, na si kwa sababu ya nguvu. Mkaratusi una nguvu ya kutosha na zaidi, ila ukipasuliwa ukiwa mbichi na ukafungiwa ndani ya sofa kabla haujakauka, unasinyaa, unajipinda na kupasuka kwenye ncha, palepale palipo na skrubu. Fremu iliyokuwa imenyooka inaanza kuyumba mwezi wa tatu, na fundi ataapa kwamba aliiacha imekaza. Atakuwa anasema kweli.

Ukavu unaweza kuupima bila mashine. Omba kipande cha mabaki kilichokatwa kutoka kwenye ubao uleule, kama urefu wa kiganja, ukipime kwenye mizani ya jikoni, uandike uzito na tarehe juu yake, kisha ukiweke ndani ya nyumba mahali penye hewa. Cha familia hii kilipimwa gramu 620. Siku kumi baadaye kilikuwa gramu 545. Kimepoteza gramu 75, asilimia 12 ya uzito wake, na kilichotoka ni maji. Mbao iliyokauka kwa hewa ya Dar isingepoteza zaidi ya gramu chache. Yadi nyingine zina kipima unyevu cha sindano mbili. Ukikikuta, dai namba isiyozidi 15 kwa boriti za fremu. Fundi alionyeshwa kipande na namba zake mbili, hakubisha, akakubali kununua boriti za mtiki mkavu kwa ajili ya mbele na pembeni, na bei ikapanda kwa shilingi 120,000. Mtiki unasinyaa kidogo sana ukilinganisha na mkaratusi, na hilo ndilo lililonunuliwa.

Jambo moja zaidi kuhusu mbao, kwa sababu linaumiza watu wanaodhani wamenunua mninga na wamemaliza. Mninga unaosifiwa ni kiini, ile sehemu ya ndani ya kahawia. Tabaka la nje, jeupe kuelekea manjano, lina wanga, na wadudu wanaotoboa mbao wanaufuata wanga huo. Mayai yanaweza kuwa yamo tangu yadi, na dalili ikatokea miezi mingi baadaye: vitundu vya milimita moja au mbili, na chini yake unga laini kama poda. Mtiki mchanga wa shambani nao una tabaka hilo jeupe kwa wingi. Kwa hiyo kwenye kukagua, angalia kingo za kila boriti ngumu. Palipo na mchirizi mweupe pakatwe, au boriti ibadilishwe. Mchwa ni habari nyingine, hao wengi wao wanatoka ardhini na hawajali umenunua wapi.

Kuhusu sponji, fundi alisema "hai densiti". Hilo ni jina la dukani tu, na kila duka la sponji lina yake. Alipoulizwa namba, akasema hajawahi kuulizwa. Basi familia ikaandika namba zake: mito ya kukalia kilo 30 kwa mita ya ujazo, egemeo 22, mikono 18. Kwa mto wa inchi 22 kwa 24 kwa 6, sponji ya 30 inapaswa kuwa na uzito wa kama kilo moja na nusu. Ya 18 itakuwa chini kidogo ya kilo moja. Tofauti ya nusu kilo unaihisi hata kwa mkono ukishika moja huku na nyingine kule.

Ila mizani nayo inadanganywa. Kuna sponji ambazo huongezewa unga wa chokaa zinapotengenezwa ili ziwe nzito. Zinapita mtihani wa uzito na kushindwa mtihani wa makalio, kwa sababu chokaa haibebi mtu. Namna ya kuijua ni kukata kipande kidogo pembeni, kukisugua kati ya vidole juu ya kitambaa cheusi na kukivuta. Sponji safi inanyumbuka kabla ya kukatika na haiachi kitu. Iliyojazwa inameguka kama keki kavu na kuacha vumbi jeupe. Hakikisha pia mto ni kipande kimoja. Mto uliounganishwa kwa vipande vilivyobaki una mistari ya gundi inayogeuka migumu, na bibi mwenye magoti mabovu ndiye atakayeigundua kwanza.

Bibi huyo aliamua kipimo kingine: urefu wa kiti. Seti ya dukani ilikuwa na kimo cha sentimita 40 kutoka sakafuni, na ukikaa unashuka hadi 33 au 34. Mtu mwenye magoti yanayouma hawezi kuinuka hapo bila kuvutwa. Kwa fundi ilikubaliwa sentimita 46 bila mtu, zikiwa 41 au 42 mtu akikaa. Kina cha kiti, toka ukingo wa mbele hadi egemeo, kikawekwa 55, kwa sababu kikizidi hapo mtu mfupi anaegemea huku miguu ikining'inia.

Chini ya mito, fundi alizoea kufuma mikanda ya mpira wa ndani wa tairi. Ikiwa mipya inavuta, lakini inalegea kwa joto, na ikikatwa kwa mkono haina upana sawa, hivyo mmoja unabeba kuliko mwenzake. Iliombwa mikanda ya raba iliyofumwa, ya inchi mbili, ipishane kama mkeka, nafasi kati ya mkanda na mkanda isizidi upana wa mkanda wenyewe. Kuna mafundi wanaoweka plaiwudi tupu hapo ili kuepuka maneno. Inadumu, ni kweli, ila sponji inagandamizwa kati ya mtu na ubao na inachoka upesi, na mtu anayekaa kwa kishindo anaufikia ubao.

Sasa kitambaa, ambacho watu huanza nacho ilhali kinafaa kuja mwisho.

Ngozi bandia ya dukani ilikuwa ya poliyurethani, tabaka jembamba la plastiki juu ya kitambaa kilichofumwa. Ni laini, inafutika, na dukani inapendeza kuliko kila kitu. Tatizo lake ni la kikemia: unyevu wa hewa ukisaidiwa na joto unavunja tabaka lile polepole hata kama hakuna aliyekaa. Jasho na mafuta ya ngozi yanaharakisha. Matokeo yake ni yale magamba unayoyaona kwenye sofa za watu, yanaanzia kwenye mikono ya kiti na sehemu ya kichwa, na kuanzia hapo hakuna gundi wala rangi itakayoyarudisha. Kwa hewa ya Dar es Salaam, kwa nyumba isiyo na kiyoyozi, miaka minane kwa kitambaa cha namna hiyo ni ndoto. Ile ya PVC inavumilia unyevu zaidi, lakini inakauka na kupasuka kadiri kilainishi chake kinavyotoka, na wakati wa joto inagandana na mapaja.

Velveti ya fundi ilikuwa ya poliesta, ambayo kwa uimara si mbaya. Ina manyoya yenye mwelekeo: ukipitisha kiganja kwenda chini inang'aa, ukirudisha juu inageuka nyeusi. Vipande vyote vya sofa lazima vikatwe manyoya yakielekea upande mmoja, la sivyo seti moja itaonekana ya rangi mbili. Fundi mwenye haraka, akitaka kubana kitambaa, anageuza kipande kimoja, na wewe unakuja kukiona sebuleni wakati wa taa. Kwa nyumba yenye mtoto wa miaka minne anayemwaga uji, velveti pia inaweka alama ya maji.

Familia ikaenda kwenye poliesta iliyofumwa kwa kubana, yenye sura ya kitani, rangi ya kahawia iliyofifia. Majaribio yalikuwa matatu, yote yanafanyika kaunta. Kinyanyue kitambaa kuelekea mwanga: kikionyesha vitundu vingi, mshono utafunguka. Shika pande mbili kwa dole gumba na cha shahada, vuta kwa nguvu, achia: nyuzi zikibaki zimesogea, itakuwa hivyohivyo kwenye mshono wa mto. Kisha lowesha kitambaa cheupe, sugua mara ishirini, uangalie kama rangi imehama. Roli nyingine huwa na lebo ya kipimo cha Martindale, yaani idadi ya misuguo kitambaa kilichostahimili kwenye mashine. Kwa nyumba ya watu wachache 15,000 inatosha, kwa nyumba yenye watoto usishuke chini ya 25,000. Kitambaa walichochagua kilikuwa na lebo ya 30,000.

Kiasi chake kiliwashangaza. Kwa roli ya upana wa sentimita 140, seti ya watu saba inakula kama mita 22, wastani wa mita tatu na ushee kwa kila kiti. Walinunua 24, zote kutoka roli moja, kwa kuwa roli mbili za rangi yenye jina moja zinaweza kutofautiana kidogo, na tofauti hiyo haionekani dukani bali kwenye jua. Mita mbili za ziada zilikunjwa na kuhifadhiwa kabatini. Sofa ya dukani haina mita mbili za ziada; mtoto akiikata kwa wembe, utatafuta rangi inayofanana mjini na hutaipata.

Hesabu mpya ya Keko ikawa hivi: bei ya mwanzo 1,700,000, nyongeza ya mtiki mkavu 120,000, sponji ya namba zilizoandikwa 210,000, tofauti ya kitambaa 120,000. Jumla 2,150,000. Bado iko chini ya ya dukani kwa laki tatu, lakini si ile laki saba na nusu ya siku ya kwanza. Na kwa ukweli, kama familia ingekubali bei ya kwanza bila maswali, ingepata mkaratusi mbichi, sponji isiyo na namba na velveti iliyogeuzwa, na hapo seti ya kontena yenye chipbodi ingeweza kuishinda kwa miaka miwili mitatu ya mwanzo. Ubora wa karakana haukuwemo kwenye bei ya kwanza. Uliingia kwa maandishi.

Maandishi yenyewe yalikuwa ukurasa mmoja wa daftari: mti wa kila sehemu na vipimo vyake, densiti tatu, kimo na kina cha kiti, mita za kitambaa, tarehe. Kilichobeba uzito zaidi ni ratiba ya malipo. Nusu, shilingi 1,075,000, ilitolewa mwanzoni ili fundi anunue mbao na sponji. Asilimia 30, yaani 645,000, ilitolewa siku fremu zote zilipokuwa zimesimama tupu, kabla ya mkanda wala sponji kuwekwa. Zilizobaki 430,000 zilisubiri mlangoni Tabata. Malipo ya katikati ndiyo yanayofanya fundi akupigie simu kabla ya kuvika. Bila hayo, atavika usiku na kukuita asubuhi ukachukue mzigo.

Siku ya fremu tupu yalionekana makosa mawili. Kiti cha watu wawili kilikuwa na kona zilizopigwa misumari tu, bila vipande vya pembetatu vya ndani, ingawa kile cha watatu kilikuwa navyo. Msaidizi ndiye aliyekitengeneza. Msumari peke yake huchomoka kidogo kila kiti kinapotikiswa. Kona inataka ulimi ulioingia kwenye tundu, gundi ya mbao, na kipande cha pembetatu kilichoshikwa kwa skrubu pande zote mbili. Kosa la pili lilikuwa fundo kubwa la paina katikati ya ubao wa juu wa egemeo, mahali ambapo watoto hukalia wakitazama dirishani. Ubao ukabadilishwa. Fremu zikapimwa pia kwa futi, kona hadi kona kwa mshazari, na mishazari miwili ya kila kiti ikakutwa inatofautiana kwa chini ya milimita tano. Ingezidi sentimita moja, kiti kingekuwa kimekaa upande na mito isingelingana.

Mlango wa sentimita 80 ulishughulikiwa hapohapo. Kiti cha watatu kina kina cha nje cha sentimita 88 na kimo cha 84, kwa hiyo hakiingii kikiwa kimelala wala kimesimama kawaida. Miguu ikafanywa ya kufungua, ya sentimita 12, na kimo kikashuka hadi 72 wakati wa kuingiza. Sofa ya dukani nayo ingepita, kwa sababu egemeo lake linachomoka; kwa hilo kiwanda kilifikiri mapema kuliko fundi.

Wiki tatu ziligeuka wiki tano, na hilo lazima liingizwe kwenye hesabu ya mtu yeyote anayekwenda karakana. Mgeni wa wiki ijayo hatakaa kwenye fremu. Mwenye haraka ya kweli, au anayehama kila mwaka na kuuza vitu, seti ya kontena yenye plaiwudi inaweza kumfaa zaidi, ilimradi aipindue kwanza na kuikagua.

Kwa familia hii, faida kubwa inakuja baadaye. Mwaka wa tano au wa sita sponji ya kukalia itachoka, hata ya 30. Wakati huo watalipia sponji saba na siku moja ya fundi. Fremu ya mtiki itapokea pini mpya kana kwamba haijawahi kuguswa. Chipbodi iliyong'olewa pini mara moja hukataa kushika pini ya pili mahali palepale, na ndiyo maana mafundi wengi wanaikwepa kazi hiyo au wanakuambia ni nafuu kujenga upya.

Siku ya kukabidhi, kabla kitambaa cheusi cha chini hakijabanwa, fundi aliombwa kuandika kwa kalamu nene kwenye boriti ya ndani ya kila kiti: mtiki mbele na pembeni, paina nyuma, sponji 30, 22 na 18, kitambaa mita 24 roli moja, mwezi na mwaka. Fundi atakayeifungua safari ijayo, awe yeye au mwingine, atayakuta hapo.